Saa 20 kwa Wiki: Kutoka Fildi hadi Mkataba wa Kudumu Ujerumani

Usaili wangu wa kwanza Ujerumani niliuharibu kwa mistari miwili ya wasifu. Wa kwanza ulisema nasoma uzamili wa uchambuzi wa data tangu Oktoba 2022. Wa pili ulisema nafanya kazi kampuni ya usafirishaji tangu Aprili 2023. Mama aliyenisaili akaweka kidole katikati ya mistari hiyo: "Sasa wewe unasoma au unafanya kazi?" Nikajibu vyote viwili, akaandika kitu, na sikuitwa tena.

Wenzetu huku wanasoma wasifu mwezi kwa mwezi. Tarehe zikigongana bila maelezo, wanashuku ama masomo umeyatelekeza, ama kazi ni ya kupamba karatasi. Dawa ni kuandika saa. Nilipousahihisha, ulisomeka hivi:

10/2022 – sasa: Shahada ya uzamili, namaliza Machi 2025.
04/2023 – 09/2024: Mwanafunzi-mfanyakazi, saa 20 kwa wiki, muhula ukifungwa, saa 40.
10/2024 – sasa: Fildi ya lazima ya masomo, saa 40, kampuni hiyohiyo.

Fildi (Wakenya mtasema atachment) itaje kuwa ni ya lazima kama ipo kwenye mtaala, kwa sababu siku zake hazihesabiwi kwenye kikomo cha siku za kazi cha kibali chako cha mwanafunzi. Kazi nyingine zinahesabiwa. Tangu Machi 2024, mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya ana siku 140 kamili kwa mwaka, lakini wiki moja ya mwanafunzi-mfanyakazi, yaani Werkstudent kama inavyoandikwa kwenye matangazo, huhesabiwa siku mbili na nusu tu. Zidisha kwa wiki 52 upate 130, kwa hiyo unaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kuvunja sheria. Mwajiri akisita, mfanyie hesabu hiyo mbele yake.

Mtego wenyewe uko mbele. Mwanafunzi ni nafuu kwa mwajiri: kwenye mshahara kuna mchango wa pensheni, lakini si wa bima ya afya wala ya ukosefu wa ajira. Ukimaliza chuo, nafuu hiyo inakwisha. Ndiyo maana bosi anayekupenda kweli anaweza kukuongezea mkataba wa mwanafunzi miezi sita, kisha mingine sita, huku ukidhani unapanda ngazi. Mimi niliongezewa mara mbili nikifurahi.

Kilichonitoa hapo ni karatasi ya ukurasa mmoja niliyompelekea msimamizi wangu wa kazi mnamo Novemba, miezi minne kabla ya kumaliza. Ofisi ya rasilimali watu niliiacha kwanza, maana wao hawaombi nafasi, wanaijaza tu. Juu niliandika tarehe ya kumaliza. Chini yake, kazi tatu zilizokuwa mikononi mwangu na saa zake: ripoti ya Jumatatu ya mizigo iliyochelewa, ambayo zamani ilimla mwenzangu siku nzima na sasa inatoka kwa saa moja, ukaguzi wa ankara za madereva wa nje, na hifadhidata ya maghala. Nikauliza nani atazishika Aprili. Aliitazama karatasi muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Kisha nikauliza moja kwa moja: kuna nafasi iliyoidhinishwa kwenye bajeti ya mwaka ujao, na kama haipo, ombi linapelekwa kwa nani na lini? Sikiliza jibu kwa makini. "Tutaona" maana yake hakuna aliyeomba. Ukitajiwa mtu na tarehe, kuna njia. Ukiletewa tena mkataba wa mwanafunzi, omba cheti cha kazi cha muda, Zwischenzeugnis, yaani barua ya mwajiri inayoeleza kazi yako ungali kazini, na uanze kutuma maombi kwingine wiki hiyohiyo. Kukiomba si utovu wa adabu, ni kawaida yao.

Swali la visa litakuja, hata kama hawalitamki. Usisubiri waulize. Waambie kwamba mhitimu wa chuo cha Ujerumani anaweza kupata kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi, na ndani yake anaruhusiwa kazi yoyote, hivyo hawatasubiri ubalozi wowote. Kuhamia Kadi ya Buluu, kibali cha kazi cha Umoja wa Ulaya kwa wenye shahada, kunafuata baadaye, mshahara ukifika kiwango. Kiwango hubadilika kila mwaka, na kwa aliyehitimu ndani ya miaka mitatu kiko chini kidogo. Omba kibali cha kutafuta kazi kabla cha uanafunzi hakijaisha.

Ofa yangu ilikuja Februari, na majaribio ya miezi sita, ambayo ndiyo kikomo cha sheria. Jambo moja lilibaki kidogo linipite: hadhi ya mwanafunzi-mfanyakazi huisha mwisho wa mwezi unaopokea barua ya matokeo ya mwisho, hata kama kitambulisho cha chuo bado kinafanya kazi kwenye basi. Barua ikifika, ipeleke ofisi ya mishahara siku hiyohiyo.