Somo: Mauzo yameongezeka nusu, faida imebaki palepale

Mama mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi Lanet, hapa Nakuru, aliniletea vitabu vya miaka mitatu na swali moja: "Wateja wamejaa kuliko zamani, mbona mfukoni sioni tofauti?" Ameniruhusu kutumia hesabu zake bila jina, nami nimezikata ziwe rahisi kusoma. Ni maelfu ya shilingi.

| | 2021 | 2022 | 2023 |
|---|---|---|---|
| Mauzo | 8,000 | 10,000 | 12,000 |
| Gharama ya bidhaa | 6,000 | 7,700 | 9,480 |
| Usafiri | 400 | 600 | 840 |
| Mishahara na kodi ya duka | 880 | 900 | 960 |
| Faida | 720 | 800 | 720 |

Hatua ya 1: Sawazisha mistari. Kabla ya kugawanya chochote, hakikisha kila mstari una maana ileile miaka yote. Mwaka 2022 aliyemwandikia vitabu alitia malipo ya lori ndani ya gharama ya bidhaa. Ilibidi nizipekue ankara moja moja nizirudishe kwenye usafiri. Ukiruka hatua hii, utaona "mabadiliko" ambayo ni kalamu tu iliyohama.

Hatua ya 2: Kila mstari kwa asilimia ya mauzo ya mwaka wake. Kwenye lahajedwali, mauzo yakiwa safu ya 2 na mwaka 2021 ukiwa safuwima ya B, andika hivi kisha nakili kulia na chini:

```
=B2/B$2
```

Mstari wa mauzo lazima usome 100% miaka yote. Usiposoma hivyo, alama ya dola imekaa pabaya. Kwa mama huyu, gharama ya bidhaa ilitoka 75% ikafika 79%, usafiri 5% hadi 7%, mishahara na kodi ya duka ikashuka kutoka 11% hadi 8%. Faida: 9%, 8%, 6%.

Hatua ya 3: Kila mstari dhidi ya mwaka wa msingi. Hapa 2021 ni 100.

```
=B2/$B2*100
```

Sasa dola imehamia kwenye herufi, na safuwima ya 2021 ndiyo inayopaswa kusoma 100 kote. Fahirisi za 2023: mauzo 150, bidhaa 158, usafiri 210, mishahara na kodi 109, faida 100.

Hatua ya 4: Zisome pamoja. Hapa ndipo wengi huteleza. Mama alipoiona 210 alitaka kumfukuza mwenye lori siku hiyohiyo. Lakini usafiri ulianza ukiwa mdogo, na kitu kidogo kikikua hupiga kelele. Ile 158 ya bidhaa, iliyo karibu na 150 ya mauzo, inaonekana mpole. Rudi kwenye asilimia: bidhaa imekula pointi 4 zaidi, na kwa mauzo ya milioni 12 hizo ni shilingi 480,000. Usafiri umekula pointi 2, yaani 240,000. Mishahara na kodi imerudisha pointi 3, 360,000. Pengo linalobaki ni 360,000, na ndiyo tofauti kati ya faida ya 9% ambayo angepata na ile 6% aliyopata.

Asilimia hazikuambii sababu. Tulifungua ankara: mauzo mapya karibu yote yalikuwa saruji kwa wakandarasi, ambayo faida yake ni nyembamba na lazima ipelekwe kwa lori hadi mjengoni. Rangi na vitasa, vyenye faida nono, viliuzwa kama zamani.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kisumu:* Mwalimu, mwaka wangu wa kwanza nilipata hasara ya 50,000, wa pili faida ya 100,000. Fahirisi inaniletea -200!

Hiyo futa, ndugu yangu. Msingi ukiwa hasara, fahirisi haina maana. Mstari huo uache kwa shilingi, au anzia mwaka wa kawaida. Hata mwaka wa 2020 ni msingi mbaya kwa waliofungiwa biashara wakati wa korona: kila mwaka unaofuata utaonekana wa ajabu.

*Mwanachama, Kakamega:* Mauzo yangu yana kodi ya ongezeko la thamani ndani. Niyaache?

Itoe miaka yote. Gawanya kwa 1.16, ila mauzo ya Aprili hadi Desemba 2020 ugawanye kwa 1.14, maana kiwango kilikuwa kimeshushwa hadi 14% na kikarudi 16% Januari 2021.

*Mwanachama, Nakuru:* Hiyo 150 si kupanda kwa bei tu?

Sehemu yake ndiyo. Bei nchini zilipanda kwa karibu 7.7% mwaka 2022 na tena 2023, jumla kama 16%. Gawanya 150 kwa 1.16 upate kama 129. Ila hicho ni kipimo cha kapu la nyumbani, lenye unga na nauli. Kama una bei ya mfuko wa saruji kwenye ankara zako za miaka yote, tumia hiyo.