Kujaza jedwali la hashi kutoka kwenye picha: migongano ikitatuliwa kwa kusogea nafasi moja moja

Mwanafunzi mmoja alinitumia picha ya swali aliyoipiga kwa simu. Ilionyesha jedwali tupu, fomula `h(k) = k mod 11`, yaani ufunguo huanzia kwenye nafasi ya baki lake ukigawanywa kwa 11, na funguo za kuingizwa kwa mpangilio huu: 27, 43, 16, 32, 17, 54, 22, 38. Alikuwa amekwama kwenye 32. Nitapita njia ileile tuliyopita naye.

1. Hesabu nafasi kabla ya kuandika chochote

Picha yake ilionyesha nafasi 0 hadi 9 tu. Baki la kugawanya kwa 11 linaweza kufika 10, kwa hiyo mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa na kamera. Ukiamini picha ilivyo, 43 itakosa pa kukaa. Omba picha nyingine, au soma ukubwa wa jedwali kwenye maelezo ya swali. Usidhani kila mara kwamba kigawanyo ndicho ukubwa: kuna maswali yenye `k mod 7` na jedwali la nafasi 10. Hapo 7 hutumika kupata nafasi ya kuanzia tu, na mzunguko hufuata ukubwa wa jedwali, yaani 10.

2. Chora jedwali lako

Tumia penseli na karatasi, jedwali la wima, namba za nafasi kushoto. Kuandika juu ya picha kwenye simu sikushauri hata kidogo, kwa sababu hakuachi nafasi ya kuonyesha hatua, na hatua ndizo zenye alama.

3. Tafuta baki la kila ufunguo

Kikokotoo cha kawaida kitakupa desimali, kwa hiyo fanya kwa mkono: 11 inaingia kwenye 43 mara 3, ambayo ni 33, inabaki 10.

4. Ingiza mmoja mmoja

Namba ya kwanza baada ya nukta mbili ni nafasi ya kuanzia, ya mwisho ndipo ufunguo ulipokaa:

```
27: 5
43: 10
16: 5 -> 6
32: 10 -> 0
17: 6 -> 7
54: 10 -> 0 -> 1
22: 0 -> 1 -> 2
38: 5 -> 6 -> 7 -> 8
```

Tulia kwenye 32, maana hapo ndipo saa nzima hupotea. Nafasi 10 ina 43, na chini yake jedwali limeisha. Jicho linaona nafasi 9 iko wazi hapo juu, na mkono unataka kuandika humo. Usiandike. Kusogea ni mbele tu, na mbele ya 10 ni 0, kwa sababu `(10 + 1) mod 11 = 0`. Ukiiweka 32 kwenye 9, atakayeitafuta baadaye ataanza 10, akute 43, aende 0. Akikuta 0 iko wazi, atasimama na kusema 32 haimo, ilhali imo.

Athari ya 32 kukaa nafasi 0 inaonekana kwenye 22. Baki lake ni 0, na hakuna ufunguo mwingine kwenye orodha wenye baki hilo. Hata hivyo inakuta 32 imekaa nafasi 0 na 54 nafasi 1, ikasukumwa hadi 2. Wengi hapa huiondoa 32 ili kumrudishia 22 “haki yake”. Katika njia hii aliyetangulia hahamishwi, hata kama amefika hapo kwa kusukumwa. Ndivyo ilivyo pia kwa 17, ambayo inakuta 16 kwenye nafasi 6.

Vilevile, ufunguo ukigongana, endelea kutoka pale ulipo. Usirudi kuhesabu baki la ufunguo upya.

5. Jedwali lililojaa

```
0: 32    4: -     8: 38
1: 54    5: 27    9: -
2: 22    6: 16   10: 43
3: -     7: 17
```

6. Kagua

Kulinganisha nafasi zilizojaa na za mwenzako hakutoshi. Funguo hizi nane, uziingize kwa mpangilio wowote, zitajaza nafasi zilezile. Kinachobadilika ni nani amekaa wapi. Kwa hiyo chukua kila ufunguo, anza kwenye baki lake, tembea hadi ulipokaa. Kila nafasi unayoipita lazima iwe na ufunguo uliotangulia kwenye orodha ya swali. Kwa 38 unapita 27, 16 na 17, zote zilitangulia, basi ni sahihi. Ukipita nafasi tupu, uliruka mahali. Ukipita ufunguo uliokuja baadaye, ulivuruga mpangilio, na itabidi ufute kuanzia ule uliopaswa kutangulia.

Ukaguzi huu unafaa kwa maswali ya kuingiza pekee. Picha ikionyesha nafasi yenye alama ya kufutwa, ukaguzi utakupotosha, kwa sababu ufunguo uliosababisha msukumo huenda haupo tena.