Somo: Kukata mstari katikati kwa bikari na rula, na kwanini inakubali

Wakuu habari za jioni. Naona picha nyingi za madaftari humu, mstari umechorwa safi kabisa ila ukipima nusu moja ni 3.9 na nyingine 4.1, sasa twende taratibu tujue kosa linaingilia wapi.

Chora mstari AB wa sentimita 8. Fungua bikari sentimita 5, hakikisha skrubu yake imekazwa na penseli ina ncha kali. Chomeka sindano kwenye A, piga tao juu ya mstari na lingine chini. Bila kugusa mkao wa bikari hamia B, piga tena juu na chini mpaka matao yakatane. Pale juu paite P, chini paite Q. Weka rula uunganishe P na Q, na panapokata AB paite M. Basi, M ndo katikati na mstari PQ umesimama nyuzi 90.

Kwanini? AP, BP, AQ na BQ zote ni 5 maana bikari ni ile ile. Angalia pembetatu APQ na BPQ, AP ni sawa na BP, AQ ni sawa na BQ, halafu PQ wanachangia, kwahiyo pande zote 3 zinalingana na pembetatu zenyewe zinalingana, ukikunja karatasi kwenye PQ moja inailalia nyingine. Maana yake pembe APM na BPM ni sawa. Sasa shuka kwenye pembetatu ndogo APM na BPM: AP na BP sawa, PM wanachangia, na pembe iliyo kati ya pande hizo tumeshaona ni sawa, nazo zinalingana. Hivyo AM ni sawa na BM. Na pembe mbili za pale M ni sawa huku jumla yake ni 180 kwa sababu AB imenyooka, kila moja inabaki na 90.

Kuhakiki ni rahisi, AM ni 4 na AP ni 5 basi PM lazima iwe 3, pima PQ upate 6.

Sasa makosa, hapa ndo napapenda. Bikari ikilegea wakati unahama kutoka A kwenda B, tuseme ikawa 5.2 kwa matao yote mawili ya B, mstari bado utasimama nyuzi 90 ila utasogea upande wa A kama milimita 1.3. Ikilegea katikati ya tao la juu na la chini ukiwa kwenye kituo kimoja, hapo mstari unalala. Kwahiyo ukiona nusu hazilingani lakini pembe iko sawa, usihangaike na rula, kaza skrubu.

MASWALI

Mwanafunzi, Mbagala: Shikamoo mwalimu. Mimi nilifungua sentimita 4 matao hayakukatana, yaligusana tu.

Jibu: Marahaba. Yamegusana palepale M, umepata pointi moja na mstari unahitaji mbili. Lazima uzidi nusu ya AB. Ila usizidishe kidogo sana, ukifungua 4.1 P na Q zinaachana sentimita 1.8 tu, ukikosea milimita 1 pembeni kwenye pointi moja mstari unalala kama nyuzi 3, wakati kwa 5 ni kama nyuzi 1.

Mdau, Temeke: AB yangu iko chini kabisa ya ukurasa, matao ya chini hayana nafasi.

Jibu: Piga yote juu. Kwanza fungua 5 kwa A na B upate P, halafu fungua 7 kwa A na B upate Q. Kinachotakiwa ni kila pointi iwe mbali sawa na A na B, P na Q zenyewe si lazima zifanane. Ila zitaachana kama sentimita 2.7 tu, rula ulaze kwa makini unaposhusha mstari.

Fundi seremala, Keko: Kaka nina plaiwudi ya sentimita 120, bikari ya kuifikia natoa wapi? Nilitumia uzi na msumari ikanipeleka pembeni.

Jibu: Uzi unavutika fundi. Ukiuvuta ukawa 100 kwenye A na 102 kwenye B, mstari wote unahama karibu sentimita 1.7. Chukua fito nyembamba, pigilia msumari mmoja kila upande ziachane sentimita 100, mmoja ndo sindano mwingine ndo penseli. Ukimaliza pima kutoka katikati mpaka P, ikisoma 80 endelea kukata.