SOMO: Kupiga picha ya bidhaa ukiacha nafasi ya kichwa na bei (kwa simu, meza na manila moja)

Habari za saa hizi wana kundi. Niliahidi somo la picha za mabango, leo nimepata nafasi nikiwa hapa Moshi, na nitatumia mfano mmoja tu mwanzo mpaka mwisho: pakiti ya kahawa gramu 250, ile ya karatasi ya kaki yenye lebo mbele.

Nianze na kilichonifanya nijifunze hili jambo. Kuna dada anasaga kahawa huku Majengo alinipa kazi ya picha, nikampigia pakiti katikati, kushoto kikombe, kulia punje za kahawa nimezimwaga vizuri kabisa, picha ikapendeza kila mtu akasifia. Ilipofika kwa dizaina hakuwa na pa kuandika, kichwa akakibana juu ya pakiti na bei akaiweka juu ya zile punje kwa rangi nyekundu. Fleksi ya mita 2 kwa 1 ikachapwa, ikatundikwa barabarani, nikavuka upande wa pili kuiangalia na ile bei sikuisoma. Nilikuwa naona kitu chekundu kimechanganyika na vidoti vya kahawia basi. Dizaina hakuwa na kosa, mimi ndo nilijaza picha yote, na hela ya fleksi ilikuwa imeshaenda.

Tangu siku hiyo naanzia kwenye maandishi ndo naenda kwenye kamera.

HATUA YA 1: Pata maneno kabla ya kupiga

Muulize mteja bango litaandikwa nini, neno kwa neno. Huyu dada alitaka "Kahawa ya Mlimani", chini yake "Gramu 250", halafu bei "Sh 9,500". Sasa bei usiichukulie kama ilivyo leo, kahawa ikipanda atahamia 12,000 na hiyo ina tarakimu moja zaidi, kwa hiyo mimi nahesabia bei ndefu tangu mwanzo ili picha hiyohiyo itumike tena mwakani bila kubanana.

Chukua karatasi, chora kibox cha mlalo, kigawe mara tatu kwenda kulia. Theluthi moja ya kulia ni ya pakiti, mbili za kushoto ni za maneno. Kwenye bango la pikseli 1920 kwa 1080 maana yake bidhaa inapata kama 640 na maneno 1280, lakini hizo 1280 huzitumii zote, unatoa karibu 100 pembeni kushoto ili herufi zisigonge ukingo na nyingine 100 kabla ya kufika kwenye pakiti. Unabaki na 1080 hivi. Kichwa cha maneno matatu kinakaa vizuri mistari miwili na bei inapata mstari wake mkubwa.

HATUA YA 2: Meza, manila na dirisha

Manila ya A1 ina sentimita 84 kwa 59, inatosha, ila ilaze kwa mlalo na uisimamishe nyuma ya meza. Pakiti iwe mbele ya manila kama sentimita 30. Ukiigusisha na manila kivuli kinachora ukutani na mikunjo ya karatasi inaonekana, ukiisogeza mbele sana nako manila haitoshi, utaanza kuona ukuta pembeni.

Dirisha hapa ndo wengi wanakosea. Dirisha liwe upande uleule utakaoandika maneno. Maneno yetu yako kushoto, basi dirisha kushoto. Mwanga ukitoka kushoto kivuli cha pakiti kinaangukia kulia, kinatoka nje ya sehemu ya maneno, na upande wa kushoto unabaki msafi na mweupe kidogo zaidi, ambapo herufi nyeusi au kahawia iliyoiva inasomeka vizuri sana. Ukigeuza dirisha likawa kulia, kivuli chote kinalala pale pale bei inapokaa. Upande wa kulia weka karatasi nyeupe imesimama nje ya fremu irudishe mwanga, pakiti isiwe nyeusi upande mmoja.

Kama utaandika kwa herufi nyeupe chukua manila ya rangi iliyoiva, na hapo sogeza meza mbali na dirisha ili mwanga uwe sawa kote, mana ule weupe wa kushoto utakula herufi zako. Manila za rangi ya katikati, kijani cha kawaida au chungwa, mimi siziweki kabisa, nyeusi haikolei na nyeupe haikolei. (Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, mlima umejifunika na jua halitoki, mwanga wa dirisha huku Moshi unakuwa laini ajabu, mimi kazi zangu nyingi nazipanga wakati huo.)

HATUA YA 3: Simu

Simu kwenye stendi, mlalo, kimo sawa na pakiti, usiiangalie kutoka juu. Ukiwa sawa nayo meza inaonekana kama mkanda mwembamba chini, ukipanda juu ule mstari wa mwisho wa meza unapanda nao na unakuja kukata maneno katikati. Mstari huo ubaki kwenye theluthi ya chini kabisa, ikiwezekana chini zaidi.

Tumia 2x usimame kama sentimita 90, usitumie 0.5x, hiyo inavuta vitu vya pembeni na pakiti yetu iko pembeni, itaonekana imelala. Washa ile mistari ya gridi. Pakiti ijaze kama sehemu sita kwa kumi za urefu wa fremu. Utaona kama ndogo na kushoto kama kuna uwazi wa bure, mkono utataka kusogea mbele. Usisogee. Picha ya simu nyingi ni 4000 kwa 3000, ukiikata iwe ya bango unabaki na 4000 kwa 2250, ni zaidi ya mara mbili ya unachohitaji kwa mtandaoni. Pakiti itakuwa kali tu, lakini nafasi ambayo hukuipiga huipati tena.

Gusa pakiti kwenye skrini na ushikilie mpaka ifunge, halafu ongeza mwanga kidogo, mana simu ikiona manila nyeupe kubwa hivyo inaifanya kijivu.

HATUA YA 4: Bandika bei kwa mkono

Hii ndo nawaomba msiiruke. Kata kipande cha karatasi, andika "Sh 12,000" kwa makapeni kwa ukubwa unaoutaka, kibandike kwenye manila kwa selotepu, na kingine cha kichwa. Piga. Ifungue hiyo picha, ipunguze mpaka iwe ndogo kama kucha ya dole gumba. Kama bei inasomeka na haijagusana na pakiti, bandua karatasi taratibu bila kugusa stendi wala pakiti, piga ile safi. Unampelekea dizaina zote mbili, anaona kabisa ulikusudia nini.

Siku nilipoirudia ya yule dada, karatasi ya bei ndo iliniambia kikombe kikae wapi. Nilikuwa nimekiweka kushoto kwa pakiti, mvuke ukawa unapanda moja kwa moja kwenye "12". Nikakihamishia kulia nyuma kidogo ya pakiti, mkono wa kikombe ukiangalia ndani. Punje za kahawa nikaacha chache tu, saba nane hivi, zikigusa mguu wa pakiti. Kushoto hakuna hata moja.

MASWALI YA WANAKUNDI

Muuza viatu, Kiborloni: Kaka sisi mitumba tunapiga hapohapo sokoni, manila upepo unabeba na nyuma kuna watu na maturubai, nafanyaje?

Jibu: Ndugu yangu achana na kusimamisha, laza. Weka manila chini kwenye kivuli, iwekee mawe pembe nne, kiatu upande mmoja, piga kutoka juu simu ikiwa sambamba na ardhi. Mawe utayakata baadaye. Pua ya kiatu iangalie upande wa maneno, ikiangalia nje jicho la mteja linatoka na kiatu. Na angalia kivuli chako mwenyewe, mara nyingi ndo kinachoharibu.

Mama wa asali, Arusha: Mie picha nilishapigiwa, chupa imejaa fremu nzima na sina hela ya kupiga tena. Hakuna namna?

Jibu: Mama, inategemea kilichopo nyuma ya chupa. Kama ni rangi moja tupu, kwenye programu ya kuediti unapanua ukubwa wa picha upande mmoja, unachagua kipande chembamba cha ile sehemu tupu pembeni, unakivuta mpaka kijaze. Rangi tupu ikivutwa haionyeshi. Ila kama ni mbao, kitenge au majani, vitavutika kama mistari ya mpira na kila mtu ataona. Hapo bora ukanda wa rangi moja pembeni uandike humo, na chupa ibaki ilivyo.

Binti wa keki, Sakina: Hii picha ya mlalo naweza kuikata niweke status?

Jibu: Hapana dada, utabaki na pakiti bila nafasi au nafasi bila pakiti. Simu ikiwa bado kwenye stendi isimamishe wima upige nyingine, bidhaa chini ya katikati, maneno juu yake. Status ni 1080 kwa 1920, na juu kabisa kuna jina na picha yako, chini kuna sehemu ya kujibu, kwa hiyo usiweke bei kwenye kingo hizo mbili.

Fundi wa vikapu: Kwanini usitumie ile potreti ya simu ififishe nyuma, manila ya nini?

Jibu: Nimejaribu. Simu inakisia ukingo wa bidhaa, kwenye pakiti inakula kona, kwenye kikapu chako itafifisha vishikio na nyuzi. Na kilichofifia siyo kilicho wazi, ukuta wenye rangi tatu ukififishwa bado una rangi tatu, herufi itasomeka kwenye moja na kupotea kwenye nyingine.

Dizaina, Njiro: Mteja akileta picha nzuri hivi, mwishoni anasema ongeza namba ya simu, mahali na "tunasafirisha mikoani". Nafasi inaisha.

Jibu: Hilo limenikuta mara nyingi. Mimi nafasi ya kushoto naihesabia vitu vitatu tu, kichwa, uzito na bei. Namba ya simu naipeleka kwenye ule mkanda wa meza chini, ndo mana nauacha bila kitu kuelekea kushoto, na kitambaa cha meza nachagua cha rangi iliyoiva ili namba iandikwe kwa nyeupe. "Tunasafirisha mikoani" mwambie aiandike kwenye maelezo ya posti. Kwenye fleksi ya mita 2, picha yako ya pikseli 4000 inatoa kama pikseli 50 kwa inchi, kwa mtu anayesoma toka ng'ambo ya barabara inatosha, lakini kamstari kadogo ka maneno kama hayo hakasomi mtu akiwa kwenye bodaboda.