Metrobüs ya Istanbul: unalipia getini, na usisahau chenji yako ukitoka

Wadau mnaokuja Istanbul kusoma au kutafuta maisha, kuna usafiri mmoja utakuchanganya wiki ya kwanza, unaitwa metrobüs. Aliyetoka Dar ataelewa fasta maana ni ndugu yake mwendokasi, ina njia yake peke yake katikati ya barabara kuu, kutoka Beylikdüzü upande wa Ulaya, inavuka daraja la Bosfori mpaka Söğütlüçeşme kule Kadıköy upande wa Asia, kama kilomita 50 na kitu hivi. Ilianza 2007. Aliyezoea matatu na konda ndo atapata shida kidogo.

Kwenye basi la kawaida la mjini unasimama kituoni, basi likija unapandia mlango wa mbele, unagusisha kadi kwenye mashine karibu na dereva, piiip, unapita. Metrobüs haina hiyo. Kituo kipo katikati ya barabara, unapanda daraja la watembea kwa miguu au unapita chini kwa chini, afu unakutana na mageti, hapo ndo unalipa. Ukishapita geti umeshalipia, basi likija unapanda mlango wowote, dereva hakuulizi kitu.

Kwanini wamefanya hivyo? Piga hesabu. Watu 60 wanasubiri basi moja saa moja asubuhi, kila mmoja akichukua sekunde 3 kugusisha kadi pale kwa dereva, hiyo ni dakika 3 basi limesimama kituo kimoja tu, na nyuma yake kuna mengine yanasubiri. Wakilipia getini milango yote inafunguka, watu wanashuka na kupanda, basi limeondoka. Geti lina faida nyingine pia, ukishakuwa ndani unaweza kushuka basi moja ukapanda lingine bila kulipa tena, ili mradi hujatoka nje. Hii utaihitaji sana kituo cha Zincirlikuyu upande wa Ulaya maana mabasi mengi yanaishia pale, kama yale ya namba 34BZ, na wewe unaenda Asia, kwa hiyo unashuka, unafuata vibao ndani humohumo, unapanda linalovuka.

Sasa kulipa. Hela taslimu getini haipokelewi, unatumia kadi, inaitwa Istanbulkart. Inauzwa kwenye mashine zilizoandikwa Biletmatik, ziko vituo vingi vikubwa, na hapohapo unaongezea salio. Ukiweka noti kuongeza salio usitegemee chenji, noti yote inaingia kwenye kadi, so usiweke noti kubwa kama unaondoka kesho. Geti likigoma likaandika "Yetersiz bakiye" maana yake salio halitoshi, rudi kwenye mashine, usisimame pale unabishana na geti huku foleni nyuma inakuangalia vibaya.

Na hapa ndo wageni wengi wanapigwa, mimi nikiwemo. Nauli ya metrobüs inategemea vituo ulivyopita, ila geti la kuingilia halijui unashukia wapi, kwa hiyo linakata nauli ya safari ndefu kabisa kwa kila mtu. Ukishuka, karibu na njia ya kutokea kuna vimashine vimeandikwa "iade", yaani marejesho, unagusisha kadi ileile uliyoingilia na inakurudishia iliyozidi. Usipogusisha, hela imeenda. Mfano, tuseme nauli ndefu ni lira 60 na ya vituo vitatu ni 40 (namba za mfano tu, nauli zinapanda kila mara). Umeingia Avcılar, umeshuka kituo cha tatu, ukipita bila kugusa umelipa 60, ukigusa inarudi 20. Fanya hivyo kwenda na kurudi siku 20 za mwezi, ni lira 800 hizo! Mimi nilikaa karibu mwezi mzima nikidhani wale watu wanaopanga foleni kwenye vimashine wanaangalia salio tu, kumbe wanachukua chenji yao.

Kwa sababu hiyohiyo unaweza kuwa unaenda kituo kimoja tu na geti likakukatalia, kadi lazima iwe na nauli nzima kwanza ndo mambo ya kurudishiwa yafuate. Na ukisafiri na mgeni wako, kila mtu awe na kadi yake, msichangie moja mkaanza kuhangaika na marejesho.

Ah, na jingine, mabasi yanapita mkono wa kushoto wakati Uturuki nzima wanaendesha kulia. Milango iko upande wa kulia na jukwaa liko katikati, ndo maana wamegeuza. Kwa hiyo usikisie basi lako kwa kuangalia uelekeo wa magari ya barabarani, utajikuta Beylikdüzü wakati unaenda Kadıköy. Soma kibao cha mbele ya basi.