Kabla hujajibu ile vidio ya mzee anayetetemeka

Vidio za wagonjwa zinakuja sana siku hizi, hasa kwa sisi tulio kliniki hapa Moshi mjini, maana wazee wapo Machame, wapo Rombo, na kumshusha mzee asiyetembea vizuri mpaka mjini ni gharama na ni mateso. Kijana anarekodi kidogo, anatuma wasapu, alafu anauliza, dokta hii ni Parkinson? Wenzangu wa zahanati na kliniki, nawaandikia ninayoyaangalia kabla sijajibu, na nitatumia klipu moja niliyotumiwa mwezi wa saba.

Ilikuwa ya sekunde 22. Mzee wa miaka 68 kakaa sebuleni usiku, kashika kikombe cha chai, mkono unatetemeka mpaka chai inataka kumwagika, kisha anainuka kwa shida na kwenda mlangoni polepole akiburuta ndala. Kijana kaandika, "Shikamoo dokta, baba yuko hivi tangu mwezi wa tano." Mi nikaandika kwenye daftari tetemeko mkono wa kulia, na kichwani nilishamaliza, Parkinson. Nilikuwa nimekosea kabla hata sijafika kwenye ugonjwa wenyewe, maana nilipoirudia nikaona kalenda ukutani nyuma ya mzee maandishi yake yamegeuka, simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai na kurekodi kwa kamera ya mbele, ikageuza picha kama kioo. Mkono ni wa kushoto. Na upande una maana kubwa hapa, kwasababu Parkinson kwa kawaida huanza upande mmoja.

Kwahiyo cha kwanza angalia picha kabla hujaangalia mgonjwa. Kama mtu kashika simu mkononi tazama fremu ya mlango au mguu wa kiti, vikicheza pamoja na mkono basi anayetetemeka ni mpiga picha. Mwanga nao, tetemeko la Parkinson mkono ukiwa umepumzika huwa mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na simu inayochukua picha 30 kwa sekunde inalionyesha vizuri tu, lakini gizani simu nyingi zinapunguza idadi ya picha na mkono unakuwa ukungu, usianze kuhesabu kasi hapo. Vidiokoli ndo kabisa, mtandao ukikwama kila mtu anaonekana mzito, usimwandikie mtu uzito wa mwendo kwa kosa la bando.

Cha pili, mkono ulikuwa unafanya nini? Huyu mzee alikuwa kashika kikombe. Mkono ulioshika kitu haujapumzika, kwahiyo klipu ile haikuweza kuniambia kama lile ni tetemeko la kupumzika au la kutumia mkono, na hapo ndipo njia zinapoachana, maana lile la kurithi kwenye ukoo, ambalo watu wanalo miaka mingi, linatoka zaidi mtu akinyoosha mikono au akishika kitu. Pia hofu ya kamera, baridi ya mwezi wa saba kule juu mlimani, sukari iliyoshuka mwilini, tezi ya shingo, dawa ya pumu ya kuvuta, vyote vinatetemesha. Na mzee anayekunywa mbege kila siku akiiacha anatetemeka asubuhi, akinywa anatulia, ila lile la kurithi nalo pombe hulituliza, kwahiyo "akinywa anapona" isikupe jibu.

Nikamwomba kijana arekodi upya, mchana barazani, kamera ya nyuma, simu imeegemezwa, aseme kwa sauti ni saa ngapi, mkono upi ni upi, na mzee kameza dawa gani na muda gani. Mzee akae mikono juu ya mapaja imelegea, ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma kwa dakika nzima, kwasababu akili ikishughulishwa tetemeko la kupumzika hujitokeza. Alafu anyooshe mikono mbele sekunde 20, msikate mapema, maana la Parkinson linaweza kutulia mkono unaponyanyuliwa na kurudi baada ya sekunde kadhaa. Kisha kidole cha shahada na gumba vigonge mara 10, kwa upana na haraka awezavyo, mkono mmoja mmoja. Hapa natafuta mgongano wa vidole unaopungua upana, wa kwanza mpana, wa sita mdogo, wa tisa vidole vimeganda. Mkono wa baridi yabisi au ulioachwa dhaifu na kiharusi cha zamani nao ni mzito, lakini mara nyingi ni mzito tangu mwanzo mpaka mwisho bila kufifia hivyo, japo kwa macho tu unaweza kudanganyika. Mwisho atembee, mtu akiwa pembeni yake tayari kumshika, na avue ndala, kwasababu ndala kila mtu anaiburuta ili isimtoke.

Klipu ya pili ikanionyesha mikono yote miwili inatetemeka kidogo ikiwa mapajani, kushoto zaidi, na migongano ya vidole inapungua upana pande zote. Na kijana akasoma pakiti ya dawa kwa sauti, metoklopramidi, baba anameza mara tatu kwa siku kwa ajili ya kichefuchefu, ananunua duka la dawa, tangu mwezi wa tatu! Dawa hii inazuia dopamini kwenye ubongo, na inaweza kuleta picha inayofanana na Parkinson, sawasawa na haloperidoli na zile sindano za mwezi za wagonjwa wa akili. Mara nyingi inakuwa pande zote mbili ila si lazima, kwahiyo hata kuegemea upande mmoja hakuiondoi dawa kwenye lawama.

Bado sikuandika jibu la ugonjwa. Kukakamaa kwa misuli hakuonekani kwenye vidio, lazima ushike kiwiko na kifundo cha mkono ukivikunja mwenyewe, na kumvuta mabega kwa nyuma kuona kama atajishika ni kazi ya mtaalamu aliyesimama nyuma yake, usiwaagize ndugu wafanye nyumbani. Klipu nzuri nayo haimsafishi mtu, anayetumia levodopa akirekodiwa saa moja baada ya kumeza anaweza kuonekana mzima, na jioni hawezi kugeuka kitandani. Wala usiseme anajifanya eti kwasababu tetemeko lilipotea alipoitwa, na "ni uzee tu" usiseme pia, utafiti wa nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai uliochapishwa 2008 ulikuta wengi wa wenye Parkinson hawakuwa wamewahi kugunduliwa.

Kama uzito umeanza ghafla, upande mmoja, mdomo umepinda au maneno hayatoki, usiombe klipu ya pili, hiyo ni kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo, waambie waondoke sasa hivi kwenda hospitali.

Mzee akaletwa wiki iliyofuata, nikamshika mikono, imekakamaa yote miwili. Metoklopramidi tukaisimamisha, kichefuchefu tukakitafutia chanzo. Kijana nikamwambia ukweli, kwamba hali hii huwa inaisha kwa wiki au miezi, na kuna wanaobaki nayo kwasababu dawa ilifichua Parkinson iliyokuwa inaanza kimya kimya. Kila mwezi anarekodi palepale barazani, saa ileile, kiti kilekile. Huu ni mwezi wa tatu wa kurekodi, mkono wa kulia umetulia, wa kushoto bado, na kwenye faili sehemu ya ugonjwa nimeandika "anafuatiliwa".