Kagua saa na mahali pa kuzaliwa kabla ya kuamini pointi za kundali

Familia nyingi za Kihindu hapa pwani siku hizi huniletea ripoti ya kundali milan, ulinganisho wa nyota za wachumba, iliyokwisha kuchapishwa na programu ya kompyuta: majina mawili, jedwali la koota nane, yaani vipengele vinavyopewa pointi, na chini yake jumla kati ya pointi 36. Macho ya wote huenda kwenye jumla, kama imevuka 18 au la. Mimi huanza na mistari mitano ya juu, ile ya tarehe, saa, mji, longitudo na taimuzoni. Programu hukokotoa sawasawa kile ilichoandikiwa. Ikiandikiwa saa ya uongo, itakupa jibu safi la mtu ambaye hakuzaliwa.

Nitaeleza kwa ripoti ya wawili, mvulana wa Mombasa na binti wa Leicester, Uingereza. Majina nayaacha.

Hatua ya 1: Jua nini kinaharibika kwa kosa la ukubwa gani

Pointi zote 36 hutoka kwenye Mwezi peke yake: uko nyota gani (rashi) na nakshatra ipi, yaani kipande kipi cha njia yake angani. Mwezi hutembea kama digrii 13 kwa siku, yaani nusu digrii na ushee kwa saa. Nakshatra moja ina digrii 13 na dakika 20, hivyo Mwezi huimaliza kwa takriban siku nzima. Kosa la saa moja mara nyingi haliguzi pointi hata moja, isipokuwa Mwezi uwe mpakani.

Lagna ni habari nyingine. Hiyo ni nyota inayochomoza upande wa mashariki wakati mtoto anazaliwa, nayo husogea digrii moja kila dakika nne kwa wastani. Dosha ya Mangal, yaani kasoro ya sayari ya Mirihi, ambayo ndiyo imevunja posa nyingi, huhesabiwa kwanza kutoka lagna. Kwa hiyo ripoti inaweza kuwa sahihi kwenye pointi na ikakosea kabisa kwenye Mangal.

Hatua ya 2: Mji na taimuzoni

Ripoti ya binti ilisema: 28 Juni 1996, 14:20, Leicester, taimuzoni 0.0. Kwanza hakikisha ni Leicester ipi, maana ipo nyingine Massachusetts, Marekani, na orodha ya miji kwenye programu huziweka jirani. Longitudo ndiyo inayosema ukweli: ya Uingereza ni digrii 1 na dakika 8 magharibi. Hii ilikuwa sawa.

Taimuzoni ndiyo iliyokosewa. Mwaka huo Uingereza ilisogeza saa mbele tarehe 31 Machi na kuzirudisha 27 Oktoba. Mtoto wa Juni amezaliwa kwenye +1, si 0. Mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuhakikisha hivi:

```
date -u -d 'TZ="Europe/London" 1996-06-28 14:20'
```

Jibu ni 13:20 UTC. Programu ilikuwa imepiga hesabu ya 14:20 UTC, saa nzima mbele.

Nikairudia hesabu kwa ayanamsa, yaani kipimo cha kuanzia kuhesabu nyota, ileile ya Lahiri (ukiibadilisha katikati hutajua kosa limetoka wapi). Mwezi ulibaki Nge, nakshatra Anuradha, basi pointi hazikutikisika. Lakini lagna, iliyokuwa digrii 4 za Mizani, ilirudi digrii 24 za Mashuke. Mirihi siku hiyo alikuwa kwenye Ng'ombe. Ukihesabu kutoka Mizani, Ng'ombe ni nyumba ya 8, na ripoti ikamwita binti "Manglik", mwenye dosha ya Mangal. Ukihesabu kutoka Mashuke ni nyumba ya 9, ambayo haimo kwenye dosha.

Hapo usishangilie mapema. Wako wanaohesabu Mangal kutoka Mwezi pia, na Ng'ombe ni nyumba ya 7 kutoka Nge. Dosha hiyo haiondoki kwa kurekebisha saa, na familia iambiwe hivyo waziwazi.

Kwa waliozaliwa Rajkot au Porbandar tatizo huwa tofauti. India ni saa tano na nusu. Baadhi ya programu hutaka desimali, 5.5, na mtu huandika 5.30. Programu husoma saa tano na dakika 18, na dakika 12 zilizopotea ni kama digrii tatu za lagna.

Hatua ya 3: Saa iliyotamkwa na saa iliyoandikwa

Taimuzoni ya mvulana haikuwa na shida, Mombasa ni +3. Ripoti ilisema Jumamosi, 19:00. Nilimwuliza mama yake, akajibu bila kusita: "Saa saba usiku, kuamkia Jumapili." Aliyejaza fomu alikuwa mpwa anayeishi ng'ambo. Akasikia saba, akasikia usiku, akaandika saba ya jioni ya Kizungu. Saa saba usiku ni 01:00, na tarehe ni ya Jumapili.

Siku nayo iulizwe kwa makini. Kwa Mswahili usiku wa Jumapili ni ule unaotangulia mchana wa Jumapili. Kwa panchang, kalenda ya Kihindu, siku haianzi mpaka jua lichomoze, kwa hiyo pandit aliyeandika daftari la familia aliweka Jumamosi, naye hakukosea. Programu inafuata usiku wa manane. Usiulize "siku gani" tu. Uliza: palipokucha ilikuwa siku gani?

Saa sita za tofauti ni takriban pada moja, robo ya nakshatra, kwa hiyo si kila mara nakshatra itabadilika. Kwake ilibadilika. Mwezi ulikuwa digrii 24 na dakika 50 za Simba, ndani ya Purva Falguni inayoishia digrii 26 na dakika 40. Baada ya kurekebisha, ukafika digrii 28 na kidogo: bado Simba, lakini sasa Uttara Falguni. Kwenye koota ya nadi, Purva Falguni ni nadi Madhya, sawa na Anuradha ya binti, na nadi zikilingana pointi ni 0 kati ya 8. Uttara Falguni ni nadi Adi. Zile 8 zote zikarudi. Koota ya bhakoot haikuguswa kwa sababu rashi ni ileile, na ya tara ilibaki 1.5. Yoni, koota ya mnyama wa nakshatra, ilibadilika, panya akawa ng'ombe. Pointi zake zitazame kwenye jedwali la yoni unalolitumia.

Hatua ya 4: Sogeza saa makusudi

Saa ikishanyooka, ulizia imetoka wapi. Cheti cha Uingereza na Wales hakiandiki saa ila kwa mapacha, kwa hiyo ile 14:20 ilitoka kwenye kadi ya hospitali, na namba ya namna hiyo naiamini kuliko "kama saa nane hivi". Endesha ripoti tena ukiongeza na kupunguza dakika 15, na kama saa ni ya kumbukumbu tu, nenda hadi saa nzima kila upande. Lagna ya binti ilihitaji zaidi ya nusu saa mbele ndipo iingie Mizani, hivyo Mashuke inasimama. Mwezi wa mvulana una zaidi ya saa mbili na nusu nyuma yake kabla ya kurudi Purva Falguni.

Jibu likigeuka ndani ya dakika hizo 15, usichague linalopendeza. Chapisha ripoti zote mbili, andika kwa kalamu juu ya kila moja saa uliyotumia na nani aliitaja, kisha wape wazazi wa pande zote mbili nakala zilezile.